Re: Mwaliko wa kujaribu programu wakataa

> "Nimealikwa kuijaribu programu ya kukata tikiti za boti Mokowe–Amu kabla haijatoka. Nikibonyeza kiungo naambiwa App not available for this account. Mwaliko umekwisha muda?"

Ndugu yangu, sidhani. Ujumbe huo unalalamikia akaunti, si tarehe. Kwenye Play Store, aliyetengeneza programu huandika orodha ya barua pepe za wajaribu, na kiungo hufunguka kwa hizo tu. Simu nyingi huku kwetu zina Gmail mbili, yako na ya biashara, au ile aliyoifungua fundi siku uliponunua simu.

Muulize kwanza aliyekualika ameandika anwani ipi, herufi kwa herufi. Kisha fungua kiungo kwenye Chrome na utazame picha ya akaunti pale juu kulia. Tuseme ameandika ya biashara na Chrome imeingia kwa yako: badilisha, ufungue upya, na kitufe cha Become a tester kitatokea. Kibonyeze. Watu wengi hukiruka hiki wakaenda dukani moja kwa moja, wasione kitu.

Sasa ingia Play Store, gusa picha yako, uchague akaunti ileile. Chrome na duka kila moja lina akaunti yake, na hapo ndipo penye mtego. Ukiwa umekubali na bado haionekani, subiri saa chache.

Akaunti zikilingana na bado yakataa, basi huenda umeondolewa orodhani au jaribio limefungwa. Hilo ni la aliyekualika kurekebisha, kwako hakuna la kubonyeza. Na usikubali kutumiwa faili ya APK na mtu mwingine kwenye WhatsApp.