Akaunti kufungwa kwa sababu ya simu moja nyumbani

"Akaunti yangu ya kubeti imefungwa eti ninazo mbili. Mimi nina moja tu, ila simu naitumia na mdogo wangu. Pesa zimeshikwa. Wananionea?"

Pole sana, ndugu yangu. Nimekaa miaka 3 kwenye kampuni moja ya kubeti hapa Mombasa, nikikagua akaunti zilizofungwa, na kesi kama yako zilikuwa za kila siku.

Wanachokiogopa ni watu kuvuna beti ya bure ya mteja mpya. Chukua mechi yenye odi 1.90 kwa magoli zaidi ya 2.5, na 1.90 vilevile kwa chini ya 2.5. Mwenye akaunti moja akiweka beti ya bure ya 500, atapata 450 au atakosa, maana dau la bure halirudi. Mwenye akaunti mbili anaweka kila upande, na 450 ni yake mechi iishe vyovyote. Mwenye laini 20 anaondoka na 4,500. Wapo pia waliojifungia wenyewe ili waache kubeti, kisha wakarudi kwa laini nyingine. Hao nilikuwa nikiwafunga bila kusita.

Sasa, mtambo hauwajui wewe na mdogo wako. Anwani ya intaneti peke yake haikutosha kumfunga mtu kwetu, kwa sababu mitandao ya simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Simu moja kuingia akaunti mbili ndiyo ilikuwa na uzito. Na jina linalokuja na malipo ya M-Pesa lilikuwa na uzito zaidi.

Nakumbuka ndugu wawili wa Kisauni. Walibishana juu ya mechi, kila mmoja akaweka beti yake ya bure upande wake, kwa simu ileile, dakika chache tu baina yao. Walikuwa wakitaniana, lakini kwetu ilionekana kama ule mchezo wa pande mbili hasa. Kilichowamaliza ni laini ya mdogo: kaka ndiye aliyemsajilia kwa kitambulisho chake, zamani kijana hajapata cha kwake. Malipo yote yakaja kwa jina moja. Tulipopata vitambulisho vya wote wawili, akaunti ya kaka ilifunguliwa. Mdogo alirudishiwa alichoweka, ila ushindi wa bonasi ukafutwa, maana masharti yalisema bonasi moja kwa nyumba na kwa simu.

Kwa hiyo anza na laini. Kwa Safaricom piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama ya mdogo wako imo, na ametimiza 18, aihamishie jina lake. Kisha waandikie: simu ni ya watu wawili, picha za vitambulisho hizi hapa, na waulize ni sharti gani umelivunja. Usifungue akaunti nyingine ukisubiri. Nimeona wenye haki wakipoteza kesi kwa hilo tu. Bonasi wanaweza kukunyima. Pesa uliyoweka mwenyewe idai kando, kwa kiasi na tarehe kama ilivyo kwenye ujumbe wa M-Pesa.