Barua ya kazi: useme ulichofanya, usijikweze wala usijifiche

Naomba kazi ya kukarabati nyumba mji wa kale. Niliandika "mimi ni fundi hodari wa nakshi", rafiki akasema najisifu. Nikabadilisha, "nilisaidia kidogo kuchonga milango", akasema najidunisha. Niandikeje? (Fundi, Langoni, Lamu)

Ndugu yangu, "hodari" ni neno la kusemwa na mwenye nyumba, si mwenye patasi. Na "kidogo" inamfanya msomaji adhani ulishika msasa tu. Umenieleza pia kuwa mlango wako wa mwisho, wa mvule, uliufanya na mjomba wako, basi gawa kazi kama ilivyogawika:

"Nimechonga milango miaka 6 katika karakana ya mjomba wangu. Mlango wetu wa mwisho ulikuwa wa mvule. Nakshi za mfaa na za kizingiti cha juu nilizichora na kuzichonga mimi, kwa wiki 5. Kupima, kuunga na kusimamisha ni kazi ya mjomba."

Hapo hakuna sifa hata moja, na bado anayejua mbao anaona mkono wako. Sentensi ya mwisho ndiyo inayofanya zile za mbele ziaminike, kwa hiyo usiifute. Kisha msomee mjomba barua nzima. Akisema "hapo umezidisha", punguza. Akisema "mbona ile michoro hukusema uliibuni mwenyewe?", ongeza. Wiki 5 kama huna hakika nazo, andika "zaidi ya mwezi", maana kwenye usaili utaulizwa ulianzia wapi na ulitumia patasi gani.

Hotelini tunafanya kazi kwa pamoja. Nikiandika "nilifanya" naona haya, nikiandika "tulifanya" sijulikani. (Mpishi, Malindi)

Dada, tumia zote mbili kwa zamu. "Tu-" ibebe kazi ya jikoni zima na "ni-" ibebe sehemu yako: "Tulipikia wageni 80 chakula cha jioni, samaki na mchuzi wa nazi nilivisimamia mimi, nikiwa na wasaidizi 2." Jihadhari na "chakula kiliandaliwa", ambacho hakina mpishi. Nimeona barua nyingi za watu wetu wa pwani zikizama kwa vitenzi vya namna hii, na inaniuma, kwa sababu kazi yenyewe waliifanya vizuri. "Niliongoza" iandike ikiwa wewe ndiwe uliyekuwa ukigawa kazi na kuulizwa sahani ikirudi.

Mama anasema kutangaza mafanikio ni kuita kijicho. (Mwanafunzi, Shela)

Mwanangu, mama ana haki kuhusu kusimulia barazani. Barua ya maombi inasomwa na watu wachache walioomba kujua. Ukiulizwa kwa mdomo, anza na Alhamdulillahi kisha utaje alama zako. Shukrani isikae mahali pa alama.

Naweza kuandika "bora kuliko wote"? (Kuli, Malindi)

Ikiwa kuna shindano na ulishika namba moja, taja shindano na mwaka. Kama halikuwapo, acha.