Vifupisho vya kusikiliza mhadhara

"Kwenye mtihani wa kusikiliza naandika mengi mhadhara ukiendelea, maswali yakija sielewi hata nilichoandika. Mnafupishaje?"

Punguza maneno, bakiza uhusiano. Mfano, mhadhiri anasema ndege wahamao walidhaniwa kufuata jua, lakini siku za mawingu hawapotei, kwa hiyo huenda wanahisi usumaku wa dunia. Mimi naandika:

```
ndg ← jua?
X siku mawingu, ok
∴ smk dunia?
```

Mshale ni "kufuata", ∴ ni "kwa hiyo". X ni "lakini", na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Swali likiuliza kwa nini alitaja mawingu, jibu liko hapo: anapinga dhana ya jua. Alama ya kuuliza ya mwisho ni ile "huenda" yake. Ukiisahau utachagua jibu linalodai uhakika.

— Mimi naondoa irabu zote, basi.

Kwa maneno marefu sawa. Lakini mti, mto na mtu yote yanabaki "mt"! Mafupi yaandike mazima.

— Mtihani wangu unaonyesha maswali kabla. Bado nihangaike na mishale?

Hapo kidogo tu, macho yawe kwenye nafasi za kujaza. Ingawa mimi X siiachi hata huko, maana mhadhiri akijirekebisha jibu la kwanza linakuwa mtego.