Alama 11 Ilipompima Soja Zamu Yake

Soja mmoja wa usiku anayeishi Kariobangi alinijia na karatasi iliyokunjwa mara nne. Kliniki fulani ilikuwa imemjazisha PHQ-9, hojaji ya dalili za unyogovu, akapata 11, akaambiwa ana unyogovu wa wastani. "Dada, kwani nimeanza kuwa mgonjwa wa akili?"

Kama mshauri nasaha, jumla huwa naisoma mwisho. Tulianza na mistari yenyewe. PHQ-9 ina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu likipewa 0 hadi 3. Usingizi aliweka 3, uchovu 3, hamu ya kula 2, umakini 2. Huzuni 1. Kukosa raha, 0. Pointi 10 kati ya hizo 11 zilitoka kwa mtu anayelala saa tatu asubuhi huku fundi wa jua kali akichomelea mageti nje ya dirisha lake.

Alijaza tena wiki mbili baadaye, akapata 12. Majibu yalikaribiana, na huo ndio uthabiti wa kipimo. Uhalali ni kama kipimo kinapima kile tunachodai kinapima, na hapa sehemu kubwa ilikuwa inapima zamu. Ndiyo maana katika kusoma majibu ya PHQ-9 kwa ajili ya utambuzi, mojawapo ya maswali mawili ya kwanza, la raha au la huzuni, lazima lifike angalau 2. Yake hayakufika. Hata hivyo zamu za usiku nazo zinaweza kumwangusha mtu moyo, kwa hiyo tuliongea saa nzima kuhusu nyumbani na kazini kabla sijamwambia lolote.

Hata uthabiti ukiwa mzuri, alama moja hucheza. Tuseme uthabiti ni 0.84 na alama za watu zinatawanyika kwa 5:

```
5 × √(1 − 0.84) = 2
```

Hiyo 2 ni kosa sanifu la kipimo, yaani kiasi ambacho alama huweza kucheza bila mtu mwenyewe kubadilika. Zidisha mara mbili, uende pande zote, na 11 yake inaweza kuwa popote kati ya 7 na 15, yaani kuanzia dalili hafifu hadi kizingiti cha dalili nzito kiasi. Kutoka 11 hadi 12 hakukuwa kuzidiwa. Alipohamishiwa zamu ya mchana na kupata 4, hapo nilikubali kuna kilichobadilika.

Kwa hiyo ukipewa namba, omba karatasi yenye majibu yako yote, na uulizwe kilicho nyuma ya kila jibu. Swali la tisa, la mawazo ya kujidhuru au kuona afadhali kufa, halingoji jumla: ukiweka hata 1 tu, huku jumla ikiwa 3, mwambie aliye mbele yako siku hiyo hiyo. Na asipokuuliza, litaje wewe.