Laptopu moja, televisheni nne: splita inatosha au ninunue matriksi?

Swali

Fundi, habari za kazi. Ukumbini kwetu tuna laptopu moja na televisheni nne: tatu mpya za 1080p, na moja ya zamani iko mapokezi. Nimefunga splita ya HDMI ya njia nne. Picha inatoka zote nne, lakini maandishi yana ukungu hata kwenye zile mpya. Halafu ya mapokezi tungependa ionyeshe ratiba wakati ukumbini wanaona slaidi, ila laptopu haizioni televisheni nne, inaona moja tu. Muuzaji anasema splita hailiwezi hilo, ninunue matriksi. Nimsikilize?

Jibu

Nzuri, ndugu yangu. Usitoe hela bado. Kwamba splita hailiwezi hilo, muuzaji kasema kweli. Lakini kazi ya matriksi ni kupokea picha za vifaa kadhaa na kuipa kila televisheni ile unayoichagua; ukiichomeka laptopu hiyohiyo kwa waya mmoja, utapata picha ileile moja kwenye televisheni zote nne, ila safari hii umelipa zaidi.

Splita hupokea picha moja na kuitoa nakala. Laptopu haijui kilichoko nyuma yake. Inaona skrini moja, hata ungefunga televisheni nane. Ndiyo maana ukibonyeza Win+P ukachagua Extend, unaongezewa skrini moja tu, na hiyo ndiyo inayorudiwa kote. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, hesabu kwanza picha tofauti zinazotakiwa kuonekana kwa wakati mmoja, kisha hesabu vifaa zinakotoka. Televisheni zenyewe zihesabu mwisho. Kwako picha ni mbili, slaidi na ratiba, na zote zinatoka kwenye laptopu moja. Hapo matriksi haina kazi ya kufanya.

Tuanze na ukungu, maana huo unaweza kuuondoa leo bila kununua kitu.

Kila televisheni ina kumbukumbu ndogo iitwayo EDID, ambamo imeandikwa ukubwa wa picha na aina ya sauti inazoweza kupokea. Ukichomeka waya wa HDMI, laptopu huisoma EDID hiyo kwanza, kisha huamua itume nini. Splita ina televisheni nne upande wa pili, lakini laptopu inataka jibu moja. Splita nyingi hutoa jibu la televisheni iliyoko kwenye tundu la kutokea namba 1. Nyingine hulinganisha zote na kuchukua kile ambacho kila moja inakiweza. Ikiwa ile ya zamani imekaa kwenye tundu namba 1, au splita yako ni ya hiyo aina ya pili, basi televisheni moja imewaamulia wenzake watatu.

Angalia kinachotokea kwenye herufi yenyewe. Tuseme laptopu inatuma 1280 × 720 kwa sababu ya ile ya zamani. Televisheni mpya ina pikseli 1920 kwa upana, kwa hiyo kila pikseli moja inayoingia inatakiwa ijaze pikseli moja na nusu. Nusu ya pikseli haipo. Televisheni inabuni rangi ya katikati kati ya nyeusi na nyeupe, na mguu mwembamba wa herufi unapata kivuli pande zote mbili. Kwenye video huwezi kuligundua hilo, lakini kwenye slaidi yenye maandishi madogo linaonekana hata kwa aliyekaa nyuma kabisa.

Kuthibitisha, kwenye Windows fungua Settings, kisha System, Display, halafu Advanced display. Chagua skrini ya splita na utazame mstari wa Active signal mode. Ukikuta 1280 × 720 au 1366 × 768, mchawi ni EDID. Sasa chomoa waya wa televisheni ya zamani kwenye splita, zima splita kwa kuchomoa adapta yake, hesabu mpaka kumi, uiwashe tena. Mstari ukibadilika kuwa 1920 × 1080 na herufi zikakaa sawa, umeshajua nani alikuwa anaburuza wenzake.

Dawa yake ya kwanza ni kuhamisha waya: televisheni mpya iwe tundu namba 1, ya zamani iende namba 4. Splita inayosoma tundu la kwanza itatulia hapohapo. Isipotulia, igeuze uangalie kama ina swichi ndogo zilizoandikwa EDID. Hizo hukuruhusu kuilazimisha itangaze 1080p bila kujali imefungwa na nani. Televisheni nyingi za zamani zenye kioo cha 1366 × 768 hupokea 1080p vizuri na kuipunguza zenyewe, hivyo huenda ya mapokezi isilalamike. Ikikataa na kuandika kwamba umbo la picha halitambuliki, basi haiwezi kukaa kwenye splita hiyo pamoja na wenzake, labda upate splita yenye uwezo wa kupunguza picha kwenye tundu mojamoja. Kwako hilo halitatusumbua, kwa kuwa ya mapokezi tunaitoa kwenye splita.

Ukiona kingo za picha zimekatwa na mstari wa chini wa Windows haupo, usiilaumu splita. Ni televisheni inayovuta picha nje ya fremu. Ingia kwenye menyu yake ya ukubwa wa picha, uchague ile inayoonyesha picha nzima bila kukuza. Mara nyingi inaitwa Just Scan au Screen Fit.

Na kama kuna mtu atakushauri ule waya wa bei ndogo wenye umbo la Y, usio na umeme wowote, mwambie ahsante. Ule unaunganisha nyaya tu. Televisheni mbili zinajibu swali la EDID kwa wakati mmoja kwenye waya uleule, na laptopu inapata mchanganyiko usiosomeka. Splita ya kweli ina adapta yake ya umeme au waya wa USB wa kuiwasha.

Sasa ratiba ya mapokezi. Laptopu yako inahitaji njia ya pili ya kutolea picha. Tazama kama ina tundu la USB-C lenye uwezo wa kutoa video. Si kila USB-C inaweza, kwa hiyo soma maelezo ya modeli yako, au tafuta alama ya herufi D iliyobeba P ndani yake, au ya radi, pembeni ya tundu. Ukiwa nalo, adapta ya USB-C kwenda HDMI inatosha. Usipokuwa nalo, kuna adapta za USB za kawaida ambazo hufanya kazi kwa programu inayosakinishwa. Kwa ratiba ambayo haichezi zinafaa kabisa, ila kwa filamu nisingezitegemea.

Ufungaji wenyewe unakuwa hivi. HDMI ya laptopu inaingia kwenye splita, na splita inalisha televisheni tatu za ukumbini. Adapta ya pili inakwenda moja kwa moja mapokezi. Bonyeza Win+P, chagua Extend. Sasa Windows inaona skrini tatu: ya laptopu yenyewe, ya splita, na ya mapokezi. Kila moja inasoma EDID yake, hivyo televisheni ya zamani inapata ukubwa wake na zile mpya zinabaki na 1080p. Fungua ratiba kwenye kivinjari, isukume kwenda mapokezi kwa Win+Shift na mshale, kisha bonyeza F11 ijae skrini. Kwenye PowerPoint, nenda Slide Show, na kwenye sehemu ya Monitor chagua skrini ya splita badala ya kuiacha Automatic. Ukiiacha, siku moja slaidi zitatokea mapokezi na ratiba itabaki ukumbini, na utahangaika mbele za watu.

Urefu wa waya unaweza kukuletea ubovu mwingine kabisa. Kwa 1080p, waya mzuri wa HDMI wa shaba hufika mita 10 hadi 15. Kwa 4K ya fremu 60 kwa sekunde usitarajie zaidi ya mita chache. Dalili ni vitone vinavyometameta kwenye picha, au televisheni moja kuwa nyeusi kwa sekunde moja na kurudi. Ukungu wa EDID unazipata zote. Ubovu wa waya unaipata moja. Badilishana nyaya mbili kwenye splita: tatizo likihamia televisheni nyingine, tundu la splita ndilo bovu; likibaki palepale, ni waya au televisheni. Kwa masafa marefu tumia vifaa vya HDBaseT, ambavyo hupitisha picha kwenye waya wa mtandao hadi mita 100.

Ukikuta slaidi zinaonekana ila filamu ya kulipia inatoa weusi, hilo halihusiani na waya. Filamu hizo zimefungwa kwa kinga ya kuzuia kunakiliwa iitwayo HDCP, na kila televisheni iliyo nyuma ya splita lazima ijitambulishe. Moja isiyoweza, au splita ya zamani yenyewe, inatosha kuzizuia zote.

Matriksi utaihitaji siku vifaa vinavyotoa picha vitakapokuwa viwili au zaidi, na kila televisheni iwe inachagua chake. Tuseme mmeongeza kamera na king'amuzi. Ukumbini waone slaidi, chumba cha akina mama wenye watoto waone kamera, mapokezi waone habari, na baada ya saa moja wote wahamie kwenye kamera. Hapo matriksi ya 4×4 ndiyo yenyewe: matundu manne ya kuingilia, manne ya kutokea, na kila tundu la kutokea linachukua picha yoyote kwa kubonyeza kitufe. Lakini ikiwa televisheni zote zitakuwa zinaonyesha kitu kimoja kila wakati, na mnachobadilisha ni kifaa tu, weka swichi ya HDMI mbele ya splita uliyonayo. Utakuwa umepata unachotaka kwa sehemu ndogo ya bei.

Matriksi ya kawaida pia haiweki picha mbili kwenye televisheni moja, wala haigawi picha moja ikawa kubwa kwenye televisheni nne zilizopangwa ukutani. Hizo ni mashine nyingine. Na ukienda kuinunua, uliza mambo mawili. La kwanza, kama EDID inaweza kuwekwa kwa kila tundu la kuingilia, la sivyo ile televisheni ya zamani itarudi kuwaburuza wenzake. La pili, ikibadili picha inakaa nyeusi muda gani. Za kawaida hukaa sekunde kadhaa zikisalimiana upya na televisheni. Zile zinazobadili bila kukatika ni ghali zaidi, na kwa kazi ya kamera na slaidi zikipokezana katikati ya kikao, ni hizo ningenunua.

Kwa sasa nyaya za televisheni zote, pamoja na ya mapokezi, zivute zifike sehemu moja karibu na laptopu, na kila moja uibandike jina. Siku ya kuweka matriksi utatoa splita, uchomeke nyaya zilezile, bila kugusa dari.