Kosta au haisi? Hesabu ya kugawa abiria Uyole hadi Tukuyu

Ukitaka kujua ni abiria wangapi watapanda Kosta na wangapi watapanda haisi, anza kwa kupima muda wanaokaa ndani ya gari likiwa limesimama stendi. Nimefanya hesabu za aina hii kwenye njia za huku kwetu Mbeya, na kila mara jambo lililobeba uzito mkubwa lilikuwa kusubiri gari lijae. Nauli mtu anaitaja bila kuulizwa mara mbili, na mwendo wa barabarani kila konda anaujua. Kusubiri hakuna anayekuambia ukweli, maana kwa mpiga debe gari siku zote "linaondoka sasa hivi".

Njia inayotumika kwa hesabu hii inaitwa modeli ya logiti. Daniel McFadden, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2000, aliitumia miaka ya 1970 kukadiria ni wakazi wangapi wa eneo la San Francisco wangepanda treni mpya iliyokuwa ikijengwa. Wazo lake ni jepesi. Kila chombo kinapewa alama: muda unaipunguza, nauli nayo inaipunguza. Kisha tofauti ya alama za vyombo viwili ndiyo inayotoa mgawanyo wa abiria.

```
V = k - 0.04*mwendo - 0.08*kusubiri - 0.001*nauli
P(kosta) = 1 / (1 + e^(V_haisi - V_kosta))
```

Hapo mwendo na kusubiri ni kwa dakika, nauli ni kwa shilingi, na e ni 2.718. Ile k nitaieleza baadaye, kwa sasa ichukulie kuwa sifuri. Namba zote ninazotumia hapa ni za mfano, nimezichagua ziwe rahisi kufuatilia. Zako zitoke kwenye dodoso la abiria wa njia yako mwenyewe. Ukishazipata, gawa namba ya mwendo kwa namba ya nauli kabla ya kuziamini. Hapa 0.04 kwa 0.001 ni 40, maana yake abiria yuko tayari kulipa shilingi 40 kuokoa dakika moja ya safari, yaani 2,400 kwa saa. Jiulize kama mama anayepeleka ndizi sokoni anaweza kuithamini saa yake hivyo. Kama jibu ni hapana, rudi kwenye dodoso. Kusubiri nimekupa uzito mara mbili ya mwendo, jambo la kawaida kwenye tafiti za usafiri, na yeyote aliyekaa ndani ya gari lililosimama Uyole asubuhi ya Juni, baridi ikimla magoti, hatabisha.

Tuseme Kosta inatoza 3,500, inatembea dakika 95, na abiria wake kwa wastani anasubiri dakika 35. Haisi inatoza 4,000, inatembea dakika 75, na kusubiri ni dakika 7.5. Alama ya Kosta ni -3.8 - 2.8 - 3.5, jumla -10.1. Ya haisi ni -3.0 - 0.6 - 4.0, jumla -7.6. Tofauti ni 2.5, na e kwa kipeo cha 2.5 ni kama 12.2. Moja gawa kwa 13.2 inatoa asilimia 8 tu kwa Kosta. Sasa ondoa kusubiri kwenye hesabu, kama wengi wanavyofanya: alama zinakuwa -7.3 na -7.0, na Kosta inaruka hadi asilimia 43. Barabara ni ileile, nauli ni zilezile.

Kwa hiyo kaa stendi na saa. Andika muda ambao abiria anaketi na muda ambao gari linaondoka, kwa kila abiria unayeweza kumfuatilia. Usiandike muda wa gari kujaa ukauita muda wa kusubiri. Wa kwanza kuingia anasubiri wote, wa mwisho hasubiri kitu, hivyo abiria wakija kwa mfululizo wastani ni nusu yake. Kosta ya viti 28 inayopata abiria 24 kwa saa inajaa kwa dakika 70, ndiyo maana nikaweka 35. Haisi ya viti 14 inayopata abiria 56 kwa saa inajaa kwa dakika 15.

Sasa tuje kwenye k. Tuseme umehesabu vichwa stendi ukakuta Kosta inabeba asilimia 30, si 8. Hilo halimaanishi modeli imeharibika. Kuna jambo abiria wanalipenda ambalo dakika na shilingi hazilionyeshi: nafasi ya mkungu wa ndizi na gunia la viazi, miguu isiyobanwa, pengine imani kwamba gari kubwa linakwenda taratibu kwenye kona za kuteremka Kiwira. Tafuta logi asilia ya 0.30 gawa kwa 0.70, ni -0.85. Ili tofauti ya 2.5 ishuke hadi 0.85, Kosta inahitaji k ya 1.65. Kwa uzito wetu wa nauli hiyo ni sawa na shilingi 1,650. Ukiona k yako ina thamani kubwa kuliko nauli yenyewe, kuna kitu hujakipima.

Hapo ndipo unaweza kuuliza maswali. Mwenye Kosta akishusha nauli kwa 500, tofauti inabaki 0.35 na sehemu yake inafika asilimia 41. Akiacha nauli ilivyo ila gari likaondoka kila nusu saa, lijae lisijae, kusubiri kunashuka hadi wastani wa dakika 15. Hizo dakika 20 zina thamani ya shilingi 1,600, na sehemu yake inafika asilimia 68. Mimi ningemshauri ratiba kabla ya kupunguza nauli.

Lakini usimpelekee jibu hilo bado. Stendi yetu ya abiria 80 kwa saa sasa inaipa Kosta 54, na Kosta mbili zina viti 56. Haisi imebaki na 26, hivyo inajaa kwa dakika 32 na wastani wa kusubiri unakuwa 16. Ukirudisha namba hiyo kwenye fomula, Kosta inapata asilimia 81, yaani abiria 65 kwa viti 56. Modeli haijui viti vimeisha, wewe ndiye unayejua. Waliokosa viti watarudi kwenye haisi, nayo itajaa haraka kuliko hesabu inavyosema.

Punguzo la nauli nalo lina mzunguko huohuo: abiria wakiongezeka, Kosta inajaa mapema na kuvutia wengine. Ukirudia hesabu mara chache, namba zinakimbilia upande mmoja. Stendini hazikimbii hivyo, kwa sababu gari huondoka na viti kadhaa vitupu na kuokota abiria Isyonje na Ntokela, na zamu za kupakia nazo zinazuia. Mzunguko ukikimbia kwenye karatasi, acha kukokotoa kusubiri kutoka idadi ya viti. Omba ratiba ijaribiwe kwa majuma kadhaa, pima kusubiri upya kwa saa, siku ya gulio na siku ya kawaida zikiwa kwenye daftari tofauti, kisha tafuta k upya kwa kila moja.