Doti ya kanga imeisha, mteja ameshalipa
"Mteja wa Pangani amelipia kanga ya bluu, nami hapa Tanga nimeishiwa. Si nimtumie tu inayofanana?"

Usiitume kabla hajakubali, ndugu yangu, kwa sababu huenda alifuata jina la kanga, wala si rangi. Mwandikie leo hii:

"Habari za leo, dada. Samahani sana, doti uliyolipia shilingi 18,000 imekwisha. Ninayo nyekundu yenye jina hilohilo kwa bei hiyohiyo, au ya bluu yenye jina jingine kwa shilingi 15,000, nami nitakurudishia 3,000. Usipopenda yoyote, nitakurudishia fedha zote pamoja na makato ya kutuma."

Ambatisha picha za doti zote mbili, zilizopigwa mchana, majina yakisomeka. Akinyamaza, mpigie simu. Ukimya wake si ridhaa.